Buku za ngazi na maandishi ya redio: miezi 11 ya kutayarisha sikio la Kifaransa

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na marafiki wa chama, mkutano wa Jumamosi, Lubumbashi



Tumeombwa tuwaeleze kazi ya kikundi cha Kifaransa. Hatutasoma ripoti. Tutawaeleza safari ya mtu mmoja, kwa sababu ndani ya safari yake mtaona kazi yote jinsi inavyokwenda, na pia mahali ambapo tulikosea. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa, ila jina lake tumeliacha.

Mnajua wengi wetu tulirudi kutoka Zambia. Wengine walikuwa Kala na Mwange, wengine Meheba, na hawa wa karibuni walikuwa Mantapala. Watoto waliosomea kule walisoma kwa Kiingereza, na nyumbani walisema Kibemba na Swahili. Wakifika hapa Lubumbashi, mlango wa kila shule umeandikwa Kifaransa. Dada yetu huyu alikua Meheba, akamaliza gredi 12 kule, akarudi na cheti chake kizuri. Alitaka kusoma uuguzi. Wakamwambia: vizuri, lakini tuonyeshe kwamba masomo ya Kifaransa utayafuata. Njo maana akaandikishwa mtihani wa DELF, ngazi ya B1.

Kwa wale wasioujua, DELF B1 ina sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Kila sehemu ina pointi 25, jumla 100. Anayepata 50 anafaulu, lakini kuna sharti moja ambalo watu wengi hawaliangalii: katika kila sehemu lazima upate angalau 5. Ukipata 4 mahali pamoja tu, umeanguka, hata kama jumla yako ni kubwa.

Mara ya kwanza dada yetu alipata 54. Kusoma alifanya vizuri sana. Kusikiliza alipata 4.

Alikuja kwetu akiwa na karatasi mkononi, akatuuliza: "Yaya, 54 iko chini ya 50?" Tukamwonyesha mstari wa kusikiliza. Akanyamaza muda mrefu. Franga za mtihani zilikuwa zimetolewa na mama yake, anayeuza unga Kenya, na mama yule hakuelewa kwa nini mtoto mwenye 54 anaambiwa ameanguka. Sisi pia tuliona haya, kwa sababu miezi ile yote tulikuwa tumemfundisha orodha za maneno na sarufi tu. Tulifikiri mtu akijua neno, atalisikia. Si hivyo.

Siku ile ile tulifanya jaribio ndogo, na jaribio hilo ndilo lililobadilisha kazi yetu. Tulichukua dakika moja ya habari za RFI, kipindi kinachoitwa Le Journal en français facile. Ni habari za dakika 10, na uzuri wake ni kwamba kwenye mtandao wanaweka pia maandishi ya kipindi, neno kwa neno. Tulimpa asikilize mara mbili bila kuona kitu, akaandika kwenye kaye kila alichosikia. Halafu tukafungua maandishi, tukaweka alama kwenye kila neno lililompita.

Dakika moja ya habari inabeba maneno karibu 150. Kati ya hayo yaliyompita yalikuwa 60. Sasa tukamwuliza, neno kwa neno: hili ulikuwa unalijua au hulijui? Kwa 14 alisema hapana, sijawahi kuliona. Kwa 46 alisema: "Mi najua hii neno! Niko naionaka kila siku mu buku!"

Angalieni vizuri hapo. Maneno 46 macho yaliyajua, masikio hayakuyajua. Hiyo ni shida ya pekee ya watu wetu waliotoka Zambia. Mtu aliyesoma Kiingereza akishika gazeti la Kifaransa anakuta "information", "situation", "population", "accident", anaelewa mara moja. Jicho lake linasoma Kifaransa kwa nguvu ya Kiingereza. Lakini redioni neno "information" linapita kama "enformasyon", mkazo uko mwishoni, na sikio linangojea sauti ya Kiingereza ambayo haifiki. Njo maana alipata alama nzuri ya kusoma na 4 ya kusikiliza. Orodha nyingine ya maneno haingemsaidia kitu.

Basi tulianza upya. Kazi ilichukua miezi 11, nasi tutaieleza kwa mpango wake.

Kwanza, buku. Kuna buku fupi zilizoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, zimepangwa kwa ngazi, na hadithi zake zinatumia maneno yaliyohesabiwa. Katika mfululizo wa Hachette unaoitwa Lire en français facile, kwa mfano, ngazi ya A1 inatumia maneno 300 mpaka 500, A2 inatumia 500 mpaka 900, B1 inatumia 900 mpaka 1500. Nyingi zina sauti yake kwenye diski. Sauti hiyo kwetu ni ya lazima. Buku bila sauti inalisha jicho ambalo limeshashiba.

Namna ya kuchagua buku ni rahisi. Fungua ukurasa wa katikati, hesabu maneno 100, weka kidole kwa kila neno usilolijua. Vikiwa viwili au pungufu, soma, buku ni yako. Vikifika vitano, soma ukiwa na mtu wa kukusaidia. Vikipita hapo, rudisha kwenye sanduku, ngazi yake itafika. Hatukuitunga sisi hesabu hiyo: mwaka 2000 Hu na Nation walipima wasomaji, wakaona kwamba ili mtu aelewe hadithi vizuri peke yake anahitaji kujua karibu maneno 98 katika kila 100.

Kwa macho tu, dada yetu angeanza na buku ya B1. Tulimwambia aanze na A1. Alikataa. Alisema: "Hii ni ya batoto." Tukampa sauti ya ile buku ya watoto, ukurasa mmoja, bila buku. Akarudi kesho yake bila maneno mengi, akachukua A1.

Mpango wake ulikuwa hivi. Siku ya kwanza anasoma sura kwa macho, kimya. Siku ya pili anasikiliza sura ile ile huku kidole kinafuata mstari. Siku ya tatu anafunga buku na kusikiliza tu. Kila kipindi ni dakika 20 mpaka 30. Buku moja inamchukua kama siku 10. Katika miezi mitatu ya kwanza alimaliza tisa za A1, na hakuruhusiwa kwenda A2 mpaka alipoweza kusikiliza sura asiyowahi kuisoma na kutueleza kwa Swahili nani alifanya nini.

Pili, maandishi ya redio. Haya tuliyaanza mwezi wa nne, mara tatu kwa juma, dakika moja tu kila mara. Kuna watu wanafikiri "facile" maana yake wanasoma polepole. Hapana. Wanasoma karibu kwa mwendo wa kawaida, wepesi wake ni kwamba wanaeleza habari: huyu ni nani, nchi ile iko wapi, kwa nini wanagombana. Kwa hiyo dakika moja inatosha. Aliyejaribu dakika 10 zote siku ya kwanza alichoka, na juma la pili hakuonekana.

Hatua ni tano, na mpangilio wake haugeuzwi. Unasikiliza mara mbili bila maandishi. Unaandika ulichosikia, hata kama ni vipande. Unafungua maandishi na kuweka alama. Unasikiliza tena huku unasoma. Halafu unafunga maandishi na kusikiliza mara ya mwisho. Baada ya siku tatu unairudia dakika ile ile, bila maandishi, kuona kama imebaki.

Alama tunazoweka ni za aina mbili. Duara ni kwa neno usilolijua kabisa. Mstari ni kwa neno unalolijua kwa macho lakini sikio halikulishika. Dawa ya duara ni kamusi na kaye. Dawa ya mstari ni nyingine: unarudisha sauti nyuma, unasikiliza vipande vile vitano au sita vya sekunde, unasema pamoja na msomaji, mpaka mdomo wako utoe sauti ile ile. Mtu akichanganya dawa hizo mbili, anaandika orodha ndefu ya maneno anayoyajua tayari, na sikio linabaki pale pale.

Baada ya mwezi mmoja tulitandaza karatasi zake zote mezani, tukaona mistari haikuanguka ovyo. Ilikuwa inarudi mahali patatu.

Pa kwanza ni pale ambapo neno moja linashikana na lingine. Kwenye karatasi "les autorités" ni maneno mawili. Kwenye redio ni kitu kimoja, "lezotorite", na mwanafunzi anatafuta neno linaloanza na "z" ambalo halipo. Hivyo hivyo "les enfants", "des élections". Hapo pia ndipo "ils ont" na "ils sont" zinapopotezana: ya kwanza ina sauti ya z katikati, ya pili ina sauti ya s, na maana yake ni "wana" na "wako". Katika mtihani swali zima linaweza kusimama juu ya sauti hiyo moja.

Pa pili ni maneno madogo yanayomezwa. Mtu amejifunza "je ne sais pas" katika vipande vinne. Mtaani na hata redioni, mtu anapohojiwa, anasikia "shepa". "Il y a" inabaki "ya" tu. Msomaji wa habari anatamka vizuri, lakini mwananchi anayehojiwa anameza. Njo maana tulianza kuchagua dakika zenye mahojiano, na maandishi yake hapo yanasaidia zaidi, kwa sababu yanaandika kile ambacho sikio peke yake lisingekipata.

Pa tatu ni hesabu, na hapa tulicheka wote. Sisi hapa Lubumbashi, kwa sababu ya Wabelgiji, tunasema "septante" na "nonante". Dada yetu alikuwa amejifunza hizo sokoni, haraka, na vizuri. Lakini mtihani na redio ya Ufaransa vinasema "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". Aliposikia "quatre-vingt-dix-sept" aliandika 4, halafu 20, halafu 17. Ilikuwa 97. Yule mwanafunzi mzuri wa hesabu alikuwa anapoteza pointi kwa namba. Tulimfanyia zoezi la dakika tano kila siku: mmoja anasoma namba kutoka 70 mpaka 99 kwa njia ya Ufaransa, mwingine anaandika. Baada ya juma tatu shida hiyo iliisha.

Tatu, kaye ya maneno. Hapa tulikuwa tunafanyaka kosa la kuandika kila neno jipya. Watafiti wawili, Waring na Takaki, walichapisha mwaka 2003 jaribio lao: waliwapa wasomaji buku ya ngazi yenye maneno 25 mapya, na baada ya miezi mitatu, walipoombwa watoe maana bila msaada, kwa wastani walikumbuka karibu neno moja tu. Neno ulilokutana nalo mara moja linapita kama mgeni wa njiani. Kwa hiyo tulibadilisha sheria: neno haliingii kaye mpaka umekutana nalo mara tatu, mahali tofauti. Likiingia, linaingia pamoja na sentensi yake nzima na maana yake kwa Swahili, si kwa Kiingereza. Halafu linarudiwa siku inayofuata, siku ya tatu, ya saba, na ya 21.

Kwa nini si kwa Kiingereza? Kwa sababu Kiingereza kinasaidia halafu kinadanganya. Dada yetu aliandika kwamba "assister à une réunion" ni kusaidia mkutano, kumbe ni kuhudhuria. "Librairie" aliiona ni maktaba, kumbe ni duka la vitabu. "Actuellement" aliifasiri "kwa kweli", kumbe ni "kwa sasa". Maneno ya namna hiyo tuliyapa ukurasa wake pekee, mwisho wa kaye, na hayo yanaingia hata ukikutana nayo mara moja tu.

Sasa tuseme yaliyoharibika, maana wafadhili wanapenda kusikia mazuri tu lakini wanachama wanatujua.

Mwezi wa sita dada yetu alikuwa na furaha sana. Kila dakika aliyosikiliza aliielewa. Sisi tukafurahi pamoja naye. Halafu tukampa dakika mpya kabisa: yaliyompita yalikuwa 41. Tulishangaa. Tulipomkalisha chini alisema ukweli: umeme ulikuwa unakatika, betri ya telefone ilikuwa ndogo, kwa hiyo alikuwa anasoma maandishi kwanza ili asirudie sauti mara nyingi. Ukisoma kwanza, sikio halifanyi kazi, linakumbuka tu kile macho yalichoona, na wewe unajiona unaelewa. Toka siku ile tuliweka kipimo: kila mwisho wa mwezi, dakika moja ambayo hakuna aliyewahi kuiona, maandishi yanabaki mkononi mwa mwingine. Namba ya mwezi inaandikwa ukutani. Ya kwake ilikwenda 60, halafu 41 kwenye mwezi wa sita, 29 kwenye mwezi wa nane, 17 kwenye mwezi wa kumi.

Kosa lingine lilikuwa letu. Tulifikiri tutumie na Radio Okapi, kwa kuwa habari zake ni za kwetu na watu wanazipenda. Lakini makala inayosomwa kwenye tovuti si lazima iwe maneno yale yale yaliyosemwa hewani, mara nyingi imeandikwa upya na kufupishwa. Mwanafunzi anatafuta kwenye maandishi neno alilolisikia, halipo, anafikiri sikio lake ndilo limekosa. Okapi ni nzuri kwa kusikiliza na kuzungumza baadaye, si kwa zoezi la alama. Kwa zoezi hilo lazima maandishi yafuate sauti neno kwa neno.

Na kulikuwa na kijana mmoja katika kikundi aliyesoma buku nyingi kuliko wote, hata za B1, lakini sauti hakuipenda. Kusoma kwake kulipanda sana. Namba yake ya mwezi haikusogea. Yeye ndiye shahidi wetu kwamba buku peke yake haitoshi.

Mwezi wa 11 tuliacha vitu vipya. Tulifanya mitihani ya mfano tu. Katika B1 kuna sauti tatu, zote pamoja hazizidi dakika sita, na kila moja inachezwa mara mbili. Kabla ya sauti unapewa muda wa kusoma maswali. Tulimfundisha kuutumia muda ule wote kwa kusoma maswali na kupiga mstari chini ya neno la kuulizia: nani, lini, ngapi, kwa nini. Mara ya kwanza anajibu anayoyajua, mara ya pili anatafuta yaliyobaki tu.

Alipata 14 kwa kusikiliza, jumla 63. Mama yake safari hii hakuuliza hesabu.

Lakini tusidanganyane. 14 si 25. Sauti ya pili ya mtihani, yenye watu wawili wanaosemea pamoja, ilimshinda nusu. Na kazi hii ya buku na maandishi haikumfundisha kuandika barua wala kusema mbele ya mtahini, hayo aliyapata kwa mwalimu na kwa kuzungumza. Tena miezi 11 ni mingi kwa mtu anayeuza mchana ili ale jioni. Wawili waliacha njiani, nasi hatuwalaumu.

Kwa wafadhili, tuseme hitaji lilivyo. Kipindi cha dakika 10 kinakula kama mega 10, hiyo si gharama kubwa: mmoja anapakua, wengine wanapokea kwa blutuz, na maandishi tunayanakili kwa mkono kwenye kaye. Kinachotukwamisha ni buku. Tuna nakala moja moja, na buku ikiwa kwa mtu mmoja siku 10, wenzake saba wanangojea. Afadhali mtuletee nakala nne za buku ile ile ya A1 yenye sauti kuliko buku nne tofauti za B1 zisizo na sauti. Wanaotaka kuziona wenyewe kabla ya kununua, waulizie kwenye maktaba ya Institut français, pale Halle de l'Étoile.

Na kwa wanachama wenye mtoto aliyeanguka mtihani: msianze kwa kumlipia tena. Leteni karatasi ya matokeo, tuangalie mstari upi ulio na namba ndogo. Halafu tutamkalisha dakika moja mbele ya redio na kaye, tuhesabu duara na mistari. Hiyo itatuambia aanzie wapi.

Dada yetu yuko pale nyuma, anashika sanduku la buku. Yeye ndiye anayefundisha kikundi kipya, kila Jumamosi baada ya mkutano huu. Anayetaka kuanza, apite kwake, na asione haya akipewa A1.